Lokesheni si mlango wa ghala

Mfanyabiashara wa Kigali akiulizwa na dereva wa lori "nikulete wapi mzigo?", siku hizi hasemi tena "ukifika kwenye mzunguko uliza". Anasema "nakutumia lokesheni", anabonyeza simu yake, na anarudi kuhesabu magunia. Dereva anaipokea pini, anaifuata, na saa moja baadaye anapiga simu: amefika mahali palipoonyeshwa, lakini mbele yake kuna ukuta, chini yake kuna bonde, na hakuna ghala. Kila mmoja anamlaumu mwenzake. Mtumaji anasema dereva hajui kusoma ramani. Dereva anasema mtumaji ametuma pini ya uongo. Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Simu ya mtumaji ilikuwa inakisia, ikasema wazi kwamba inakisia, lakini onyo hilo halikusafiri pamoja na pini.

Hilo ndilo tunalotaka wasomaji wetu wanaovuka Rusumo, Gatuna, Kagitumba na Rubavu walijue leo.

Pini unayotuma kwa WhatsApp ni namba mbili tu. Ya kwanza inasema uko umbali gani kusini au kaskazini mwa ikweta, ya pili uko umbali gani mashariki au magharibi ya mstari wa Greenwich. Kigali iko karibu nyuzi 2 kusini na nyuzi 30 mashariki. Picha ya ramani, kialama chekundu na jina la barabara huongezwa tu juu ya namba hizo. Namba zikiwa na kasoro, picha nzuri haziponyi.

Unapogusa kitufe cha kutuma mahali, skrini inakupa mambo matatu yanayofanana kwa sura lakini si kitu kimoja. Kuna "Share live location", inayomwonyesha mwenzako unavyotembea kwa muda uliouchagua. Kuna "Send your current location", yaani hapo simu inapodhani uko sasa. Na chini yake kuna orodha ya majina ya maduka, hoteli, makanisa na vituo vya mafuta vilivyo karibu. Ukigusa jina katika orodha hiyo, hutumi tena mahali ulipo. Unatuma mahali ambapo kampuni ya ramani imeandika kwamba duka hilo lipo.

Tuanze na hiyo ya katikati, kwa sababu ndiyo inayotumiwa zaidi na ndiyo inayoumiza. Kwenye simu nyingi za Android, chini ya maneno "Send your current location" kuna mstari mdogo wa rangi ya kijivu ulioandikwa "Accurate to", kisha idadi ya mita. Wengi hawausomi. Mstari huo ni ungamo la simu. Ukisema mita 12, simu inadhani uko ndani ya duara lenye nusu-kipenyo cha mita 12. Ukisema mita 900, inadhani uko popote katika duara la karibu kilomita 2 kutoka ukingo hadi ukingo, na katikati ya duara hilo ndipo itakapoweka pini. Mtumaji anaiona namba hiyo. Anayepokea kwa kawaida haioni. Yeye anaona kialama chenye ncha kali kinachochoma sehemu moja ya ramani, kana kwamba mtu amesimama pale na kupiga kigingi. Makisio ya mita 900 na kipimo cha mita 12 humfikia dereva yakiwa na sura moja.

Kwa nini duara liwe kubwa? Simu hupata mahali pake kwa kusikiliza setilaiti zinazozunguka dunia kwa urefu wa takriban kilomita 20,000. Inahitaji kuzisikia nne au zaidi, na sauti yake ikifika chini imedhoofika sana. Ukiwa uwanjani chini ya mbingu, inatosha. Ukiwa ndani ya ghala la mabati, au ghorofa ya chini ya jengo la zege kule mjini, mabati na zege huizuia. Simu haikai kimya. Inageukia vitu vingine inavyovisikia: mitambo ya waifai iliyo jirani na minara ya simu. Waifai ikiwa nyingi, kama katikati ya mji, inakisia vizuri, pengine ndani ya mita 20 au 40. Ikibaki na mnara peke yake, duara huwa la mamia ya mita au kilomita kadhaa.

Kuna jingine ambalo halitokani na mabati. Simu ikifunguliwa ghafla, kwanza huonyesha mahali ilipopakumbuka mwisho, kisha inajisahihisha polepole. Mwenye haraka anatuma katika sekunde ya pili. Mwenye subira anaona namba ya mita ikishuka: 600, 85, 30, 14. Nusu dakika hiyo ndiyo tofauti kati ya lango lako na kilima cha jirani.

Tuchukue mfano, nao ni wa kutunga ila kila anayepokea mizigo atautambua. Mama mmoja ana stoo ya dagaa karibu na Kimironko. Fuso inatoka Mwanza kupitia Rusumo. Saa kumi na moja jioni dereva anaomba lokesheni. Mama yuko ndani, anahesabu, juu yake kuna mabati. Anabonyeza na kutuma. Simu ilikuwa imeandika mita 400, hakuangalia. Pini hii ya kwanza, tuseme, ina namba hizi:

```
-1.9362, 30.1301
```

Dereva anaifuata mpaka mwisho wa njia nyembamba, ambako gari refu haligeuki bila kuwahamisha watu. Na huyu ni mtu ambaye tangu Rusumo anajizoeza kuendesha upande wa kulia baada ya kuzoea kushoto maisha yake yote. Wanapigiana simu, wanafokeana kidogo. Hatimaye mama anatoka nje hadi langoni, anasubiri, anatuma tena:

```
-1.9391, 30.1287
```

Tofauti ya pini hizi mbili inahesabika kwa kalamu, na hapa sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati. Uzi mmoja ni takriban kilomita 111, iwe unaelekea kusini au mashariki. (Ulaya uzi wa kwenda mashariki ni mfupi zaidi, hesabu inawachosha.) Kwa hiyo namba ya tatu baada ya nukta ni hatua ya mita 111, na ya nne ni mita 11. Kutoka 1.9362 hadi 1.9391 ni 0.0029, yaani mita 322 kuelekea kusini. Kutoka 30.1301 hadi 30.1287 ni 0.0014, yaani mita 155 kuelekea magharibi. Kwa mstari wa moja kwa moja ni kama mita 357. Simu ilisema haina uhakika ndani ya mita 400, na kweli ilikosea ndani ya mita 400. Haikudanganya hata kidogo.

Mita 357 uwanda wa Shinyanga si kitu, unaliona ghala kwa macho. Kigali ni habari nyingine. Barabara nyingi hapa zimekatwa kuzunguka ubavu wa kilima, moja juu ya nyingine kama ngazi. Mita 40 kwenye ramani zinaweza kuwa ukuta wa mawe wenye kimo cha nyumba, na kutoka barabara ya chini kwenda ya juu unazunguka kilima. Tena programu ya kuongoza njia haikupeleki kwenye pini. Inakupeleka kwenye sehemu ya barabara iliyo karibu zaidi na pini kwa mstari ulionyooka, halafu inatangaza kwamba umefika. Haijui ukuta uko wapi wala lango limetazama upande gani. Pini iliyokosea kwa mita 25 tu kuelekea chini inatosha kuihamisha safari yote kwenye barabara ya chini. Dalili yake iko wazi kwa anayeitafuta: mwisho wa mstari wa njia kwenye ramani, kuna vidoti vinavyotoka barabarani kwenda kwenye pini. Ukiviona vidoti hivyo, ujue lori litaishia pale vinapoanzia. Piga simu kabla hujaondoka mpakani.

Wasomaji wetu wanaohama na biashara zao wana tatizo jingine ambalo wakazi wa kawaida hawalipati. Tumesema simu hukisia kwa kusikia waifai. Inafanyaje? Kila mtambo wa waifai una namba yake ya utambulisho, na kampuni za ramani zina daftari kubwa linalosema namba fulani ilisikika mahali fulani. Daftari hilo limejazwa na simu zetu wenyewe tunapopita. Sasa mtu ana duka Kampala, anafungua jingine Kigali, na anabeba mtambo wake wa waifai kwenye begi. Daftari bado linaujua mtambo huo kuwa wa Kampala. Katikati ya mji, mitambo mingine kumi ya jirani itaupinga na simu haitauamini. Lakini katika ghala jipya pembezoni mwa mji, ambako mtambo wako uko peke yake, simu inaweza kuamini kwa muda kwamba uko Kampala. Kosa la kilomita mia kadhaa ni la kuchekesha, kila mtu analiona. La hatari ni la aliyehama kutoka Nyarugenge kwenda Masoro: pini inaangukia ndani ya Kigali ile ile, inaonekana ya kweli, na lori linaenda dukani kwa zamani. Daftari hujirekebisha simu za kutosha zikipita hapo zikiwa zinasikia setilaiti. Kabla ya hapo, zima waifai ya simu, toka nje, ndipo utume.

Na wapo ambao simu yao imekatazwa kusema kweli. Tangu Android 12 na iOS 14, programu inapoomba ruhusa ya kujua ulipo, unaweza kuiruhusu ijue kwa ukaribu tu. Kwenye Android kuna picha mbili, "Precise" na "Approximate". Aliyegusa ya pili, labda kwa tahadhari nzuri tu ya kulinda siri zake, atatuma pini iliyosogezwa kwa kilomita moja au zaidi kila siku, hata akisimama katikati ya uwanja wa mpira. Ikiwa mita zako hazishuki nje penye uwazi, angalia hapo kwanza.

Turudi kwenye orodha ya majina. Serikali iliviondoa viwanda na maghala katika bonde la Gikondo, ambalo ni ardhi oevu, na wengi wakahamia eneo maalumu la kiuchumi la Masoro, upande mwingine wa mji. Kampuni ikihama, alama yake ya zamani kwenye ramani haihami yenyewe. Inabaki mpaka mtu airekebishe. Mtumaji akiwa Masoro haoni tatizo, kwa kuwa orodha inamwonyesha vilivyo karibu naye. Anayeandika jina la kampuni kwenye kisanduku cha kutafuta ndiye anayeweza kuletewa alama ya Gikondo, akaituma bila kujua. Kuitambua pini ya namna hii ni rahisi: inafika ikiwa na jina lililoandikwa chini yake. Pini yenye jina imetoka kwenye daftari la mtu mwingine. Haikupimwa na simu ya anayekutumia, na yeye mwenyewe anaweza kuwa nyumbani amelala.

Kuna wanaokwepa haya yote kwa kuandika namba kwa mkono. Ni njia nzuri, sisi tunaipenda, ila ina mitego yake. Kistari cha kutoa mbele ya namba ya kwanza kinasema "kusini". Ukikisahau, 1.9391 inakuwa kaskazini mwa ikweta, na stoo ya dagaa ya Kimironko inahamia Ituri nchini Kongo, kilomita 430 hivi kutoka hapa, si mbali na Bunia. Ukizigeuza namba, ya mashariki ikatangulia, umeingia jangwa la Sahara upande wa Algeria. Hayo mawili dereva atayacheka. Hatacheka hili la tatu. Ramani nyingine huandika mahali kwa nyuzi, dakika na sekunde: mahali petu pale pangekuwa nyuzi 1, dakika 56 na sekunde 21 kusini, kwa nyuzi 30, dakika 7 na sekunde 43 mashariki. Mtu asiyejua akaondoa alama na kuweka nukta, anapata 1.5621 na 30.0743. Namba hizo zinaangukia karibu na mji wa Byumba, wilayani Gicumbi, kilomita zipatazo 42 kaskazini, wilaya ambayo barabara ya Gatuna inaipitia. Dereva anayetoka Uganda hatashtuka hata kidogo, pini iko njiani kwake. Na waliosoma kwa Kifaransa, wanaoandika mkato mahali pa nukta, wakumbuke kwamba mkato kwenye namba hizi ndio unaotenganisha ya kwanza na ya pili.

Njia salama ni kutuma namba ndani ya kiungo ambacho mwenzako anakigusa tu, bila kunakili chochote:

```
https://maps.google.com/?q=-1.9391,30.1287
```

Ili kuzipata, fungua ramani, ikuze mpaka ulione paa lako kwenye picha ya setilaiti, kisha bonyeza na ushikilie pale lango linapokutana na barabara. Lango, si katikati ya paa. Namba zitatokea, na tangu siku hiyo hutegemei tena simu inakisia nini jioni ile.

Tunapendekeza jambo ambalo halihitaji mkutano wa mawaziri wa Arusha. Kila ghala linalopokea mizigo ya kuvuka mpaka liwe na namba zake mbili zilizopimwa langoni, ziandikwe kwenye karatasi ya mzigo chini ya jina la mpokeaji, pamoja na namba ya barabara kama ilivyo kwenye kibao, yaani KG kwa Gasabo, KN kwa Nyarugenge na KK kwa Kicukiro (herufi moja ikibadilika umehama wilaya), na jina la mudugudu. Kibao na pini vikitofautiana, dereva ajue kuna kasoro kabla hajafunga breki mbele ya ukuta. Vyama vya wafanyabiashara vinaweza kuifanya kazi hii kwa wanachama wao kwa siku mbili, simu moja mkononi.

Kisha kuna suala la pesa, ambalo ndilo huleta ugomvi. Nyanya zilizokaa usiku mzima ndani ya gari lililopotea hazina mwenyewe asubuhi. Mtazamo wetu ni huu: aliyetuma pini ndiye anayebeba gharama ya kosa lake. Dereva akifika kwenye pini aliyotumiwa na mpokeaji, na ujumbe uko kwenye simu yake, saa anazopoteza baada ya hapo ni za mpokeaji. Dereva akiandika namba mwenyewe akakosea, au akipuuza vidoti vya mwisho wa njia bila kupiga simu, gharama ni yake. Makubaliano hayo yaandikwe kwenye karatasi ya mzigo, na mpokeaji akituma pini aongeze neno moja la mkono wake ambalo programu haimpelekei mwenzake: mita ngapi. "Mita 12, niko langoni." Dereva akisoma "mita 400, niko ndani", atajua kwamba bado hajapewa mahali pa kwenda, na ataomba nyingine akiwa bado Rusumo anasubiri muhuri.